Tangazo linasema "23:59 CET" tarehe 31 Machi: nilichelewa au sikuchelewa? Na barua ya maombi niiandikeje safari ijayo?

#1 Binti_Mwambao
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga. Mwezi uliopita niliomba kazi ya kuhariri matini za Kiswahili kwenye shirika moja lenye makao Geneva. Tangazo liliandikwa hivi, neno kwa neno: mwisho 31 March 2025, 23:59 CET. Nilijua Geneva wako nyuma yetu kwa saa mbili, nikapiga hesabu kwamba mwisho kwetu ni saa 7:59 usiku. Umeme ulikatika kuanzia magharibi, ukarudi saa 6 na nusu. Nikatuma saa 7:20 usiku, nikalala na amani.

Wiki iliyofuata nikajibiwa mstari mmoja: ombi limefika baada ya muda. Kwenye barua fupi niliyoambatanisha nilikuwa nimeandika, "Nawasilisha ombi hili kabla ya muda wa mwisho, usiku wa tarehe 31." Hiyo barua haikunisaidia chochote.

Sasa kuna nafasi nyingine kama hiyo, mwisho Jumatano tarehe 30 Aprili, saa za New York. Wanataka barua ya Kiswahili. Nataka niandike siku, saa na saa za wapi kwa namna ambayo hakuna mtu atakayeisoma tofauti. Nisaidieni.

#2 Kaptula_ya_Jinzi
Hukuchelewa. CET ni saa mbili nyuma yetu mwaka mzima. Saa 7:20 usiku Tanga ni 23:20 CET. Umebakiwa na dakika 39. Wamekudhulumu, kata rufaa.

#3 Jirani_wa_Stendi
Pole dada. Kwani umeme ukikatika huna simu? Wasifu si unatumwa hata kwa simu.

#4 Redio_ya_Meli
Kaptula, nusu ya ulichosema ni kweli, na ndiyo nusu iliyomponza huyu binti.

Mimi nilikaa melini miaka mingi kwenye chumba cha redio, na kazi yangu ya kwanza kila tunapofika bandari mpya ilikuwa kujua watu wa pale wanafuata saa ipi. Ulaya wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi wanaipeleka mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Mwaka huu Jumapili ile ilikuwa tarehe 30 Machi, saa 10 alfajiri kwa saa zetu. Binti aliomba usiku wa Jumatatu tarehe 31 kuamkia Jumanne. Kwa hiyo siku moja tu kabla, Geneva walikuwa wameshasogea. Hawakuwa tena nyuma yetu kwa saa mbili, walikuwa nyuma kwa saa moja.

Saa 7:20 usiku Tanga, ukutani Geneva ilikuwa saa 6:20 usiku, tayari Jumanne tarehe 1 Aprili. Kwa saa ya ukutani alichelewa dakika 20 na ushei. Angeomba kazi hiyohiyo mwisho ukiwa Ijumaa tarehe 28, hesabu yake ingekuwa sawa kabisa.

#5 Kaptula_ya_Jinzi
Mzee, lakini hawakuandika "saa ya ukutani". Waliandika CET. Baada ya kusogeza saa jina linabadilika, linakuwa CEST. Kama wao wenyewe waliandika CET, basi waliahidi CET. Neno lao ndilo linalowafunga.

#6 Redio_ya_Meli
Hapo nakuunga mkono, na ndiyo maana sikusema alikosea. Nimesema kwa saa ya ukutani. CET maana yake ni saa moja mbele ya UTC, ile saa ya dunia ambayo nchi zote hupimia saa zao, basi, haina msimu. Ukilisoma tangazo kama lilivyoandikwa, aliwahi. Ukilisoma kama mtu wa Geneva anavyozungumza, alichelewa, kwa sababu wengi kule huandika CET mwaka mzima wakimaanisha tu "saa zetu".

#7 Chekechea_Mpole
Samahani wakuu, nami naomba mfano wa barua ya kuomba kazi ya ualimu wa shule ya msingi, anayo mtu? Inaanza na anwani upande gani?

#8 Mama_Wawili
Chekechea mwanangu, anwani yako kulia juu, ya wao kushoto chini yake. Fungua uzi wako tukusaidie vizuri, hapa tunazungumzia saa.

Binti, mimi nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka 11, nikipokea maombi kwa barua pepe. Nikuambie kinachotokea upande wa pili wa meza. Asubuhi baada ya siku ya mwisho, mtu anafungua sanduku la barua, anazipanga kwa muda wa kufika, anachora mstari. Juu ya mstari zinaingia, chini ya mstari zinatoka. Hakuna anayesoma barua yako ya kuambatanisha kabla ya kuchora. Muda anaouona ni ule ambao kompyuta yake imeutafsiri kwa saa za kwake. Kwake wewe ulikuwa 00:20, Jumanne. Hakuwaza kabisa habari ya CET na CEST.

Barua inasomwa baadaye, mtu akilalamika. Hapo ndipo mstari mmoja ulioandikwa vizuri unapokuwa na kazi. Ulioandika wewe, "usiku wa tarehe 31", haukuwa na kitu cha kushika.

#9 Bi_Shamsa_Maskati
Mama Wawili kasema kweli. "Usiku wa tarehe 31" ni maneno ya hatari hata baina yetu sisi wenyewe. Kwetu sisi tuliolelewa Unguja, siku huingia jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi baada ya magharibi. Mama yangu akisema "njooni usiku wa Ijumaa", aliyekuja Ijumaa baada ya isha amekuta vyombo vimeshaoshwa. Mume wangu ni mtu wa Tabora, tumegombana kwa hilo mwaka wa kwanza wa ndoa.

Kiswahili kina dawa yake na watu wanaisahau: usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne. Ukisema kuamkia, hakuna wa kubisha.

#10 Tobo_la_Sindano
Dada Binti, fungua barua uliyotuma, bonyeza `Show original` kama unatumia Gmail. Ukiweza, waombe nao wakupe ya kwao. Utaona kitu kama hiki (nimefupisha):

```
Received: Mon, 31 Mar 2025 22:20:11 +0000
Date: Tue, 1 Apr 2025 01:20:07 +0300
```

Ni barua hiyohiyo moja. Mstari wa chini umeandikwa na kifaa chako, wa juu na seva iliyopokea. Mmoja unasema Jumatatu, mwingine Jumanne, na yote miwili ni kweli, kwa sababu mwishoni pana `+0000` na `+0300`. Hizo tarakimu nne ndizo zinazomaliza ubishi. Ukitaka kuona kwa saa za Geneva, kwenye Linux andika:

```
TZ=Europe/Zurich date -d '2025-04-01 01:20 +0300'
```

Uswisi yote inatumia jina la Zurich, msitafute Geneva. Itakujibu 00:20 na neno CEST.

Kwa hiyo ushauri wangu: kwenye barua usiandike CET, EAT, wala EST. Andika jina la mji na tofauti yake na UTC.

#11 Jirani_wa_Stendi
EST si ndiyo hii yetu, East... ile ya Afrika Mashariki? Mimi nimeiona kwenye matangazo ya Nairobi.

#12 Tobo_la_Sindano
Hapana kaka. Yetu ni EAT, UTC+3. EST ni ya mashariki ya Marekani, UTC-5, na wao majira haya wala hawako EST. Walisogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, tarehe 9, sasa wako EDT, UTC-4. Umeona sasa kwa nini nasema tuachane na hizi herufi? Herufi tatu zinabeba mabara mawili na misimu miwili.

#13 Binti_Mwambao
Asanteni sana. Nimefungua, kweli ipo `+0300`. Sasa hii ya New York nimehesabu hivi: 23:59 tarehe 30 Aprili kwao, tunawatangulia kwa saa 7, kwetu ni Alhamisi tarehe 1 Mei saa 12:59 asubuhi. Nimeandika rasimu:

> Kuh: Ombi la kazi ya Mhariri wa Kiswahili.
> Mwisho wa kupokea maombi kwa mujibu wa tangazo lenu ni Jumatano, 30 Aprili 2025, saa 5:59 usiku, saa za New York, sawa na Alhamisi, 1 Mei 2025, saa 12:59 asubuhi, saa za Tanga. Ombi hili limetumwa kabla ya muda huo.

Semeni kasoro.

#14 Mama_Wawili
Hesabu ni sawa. Maandishi yatakumaliza.

Tangazo lao limeandika 23:59. Wewe umeandika 5:59. Sisi tunajua ni saa ileile, kwa sababu tunahesabu kutoka jua kuchomoza. Lakini barua yako inaweza kuanza kupita kwa mtu asiyejua Kiswahili, akaiweka kwenye programu ya kutafsiri. Atasoma 5:59 PM. Hapo umejiwekea mwisho wa uongo, saa sita kabla ya wao. Halafu hiyo 12:59 asubuhi ndiyo mbaya zaidi, maana ataisoma 12:59 AM, na 12:59 AM ipo, ni saa 6:59 usiku ya kwetu. Hata macho hayatashtuka.

#15 Mkereketwa_wa_Lugha
Mama, nakuheshimu lakini hapo sikubali. Binti anaomba kazi ya kuhariri KISWAHILI. Akianza kwa kuogopa saa za Kiswahili, anahariri nini? Saa 12 asubuhi ndiyo lugha yetu. Kila redio ya Tanzania inasoma hivyo. Anayepokea ombi la Kiswahili aajiri msomaji wa Kiswahili.

#16 Mama_Wawili
Ndugu yangu, sisemi aifiche. Nasema tarakimu na maneno zisibebe saa mbili tofauti kwa sura moja. Aandike tarakimu za saa 24 na maneno ya Kiswahili pembeni.

#17 Redio_ya_Meli
Mkereketwa ana hoja moja. Maneno ya Kiswahili yana usalama kuliko tarakimu. "Saa moja kasoro dakika moja asubuhi" haiwezi kuingia kwenye programu ikatoka 12:59 AM. Inaweza kutoka vibaya, lakini itatoka vibaya waziwazi, msomaji atauliza. Tarakimu ikikosewa inakaa kimya.

#18 Bahasha_ya_Kaki
Haya yamenikuta kwa ndege. Tiketi iliandikwa tarehe 15, 00:30. Nikaenda uwanjani tarehe 15 usiku, nimevaa vizuri, sanduku limefungwa. Ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia tarehe 15, karibu siku nzima iliyopita. Tangu siku hiyo mtu akiniandikia "saa 6 usiku tarehe fulani" namuuliza: ile inayoanza siku au inayoimaliza?

#19 Tobo_la_Sindano
Ndiyo sababu matangazo mengi yanaweka 23:59 badala ya 00:00. Ile dakika moja inalifunga jambo ndani ya tarehe. Binti, uking'ang'ania kitu kimoja kwenye barua, iwe hicho: usiandike kamwe "saa sita usiku tarehe 30".

#20 Mwana_wa_Goma
Salamu kutoka Goma. Mimi shida yangu iko karibu zaidi. Kongo tuna saa mbili nchini. Kinshasa ni UTC+1, sisi huku mashariki pamoja na Lubumbashi ni UTC+2. Tangazo linatoka Kinshasa: mwisho 17h00. Halisemi 17h00 ya wapi, na kazi yenyewe iko Bukavu. Nikifuata saa yangu niko salama, maana sisi tuko mbele. Lakini rafiki yangu wa Kinshasa aliomba kazi iliyotangazwa na ofisi ya hapa Goma, akaleta 16h40 ya kwake. Huku ilikuwa 17h40, mlinzi ameshafunga geti. Walikataa. Na yeye barua yake ilikuwa na tarehe na saa, ila hakuandika mji.

#21 Kaptula_ya_Jinzi
Ina maana anayeomba kutoka mashariki kwenda magharibi hadhuriki?

#22 Redio_ya_Meli
Takriban ndiyo. Ukiwa mashariki ya ofisi, ukitii saa yako mwenyewe unawahi daima. Sisi kwa Geneva na New York tunapewa muda wa nyongeza, na huo muda wa nyongeza ndio mtego. Binti angefuata 23:59 ya Tanga asingekuwa na uzi huu. Hatari kubwa ni ukituma kwenda mashariki yako. Bi Shamsa kule Maskati yuko UTC+4, ofisi ya huko ikisema 16:00, kwetu ni 15:00.

#23 Bi_Shamsa_Maskati
Hasa. Na msisahau Ijumaa huku ofisi zimefungwa. Vijana wa nyumbani wananiuliza mbona hawajibiwi Ijumaa.

#24 Jirani_wa_Stendi
Mimi naona mnazungusha. Atume siku mbili kabla, hakuna haja ya UTC wala nini.

#25 Binti_Mwambao
Kaka, nitatuma Jumanne tarehe 29, hilo nimeshaamua. Ila kuna jambo sikulisema. Tangazo linataka wadhamini wawili watume barua zao wenyewe, moja kwa moja, ndani ya muda uleule. Mmoja ni mwalimu wangu, yuko Mombasa. Mwingine yuko Kanada. Hao siwezi kuwatumia mimi. Nawatumia nakala ya barua hii ili wasome mwisho ni lini. Mwalimu akisoma "12:59" ataelewa kivyake, yule wa Kanada kivyake. Na tarehe 1 ni Mei Mosi, mwalimu hatakuwa ofisini.

#26 Mama_Wawili
Ungeanza na hilo! Basi kwa wadhamini usiwape mwisho halisi kabisa. Wape Jumanne mchana.

#27 Mkereketwa_wa_Lugha
Si sahihi kumwandikia mtu mzima mwisho wa uongo. Mwandikie wa kweli, halafu umwombe kwa adabu atume mapema. Vinginevyo akija kuliona tangazo atajiuliza kwa nini umemdanganya.

#28 Mama_Wawili
Sijasema amdanganye. Aandike "naomba ifike kabla ya". Ni ombi, halina uongo.

#29 Binti_Mwambao
Rasimu ya pili:

> Kuh: Ombi la kazi ya Mhariri wa Kiswahili
> Mwisho wa kupokea maombi (kwa mujibu wa tangazo): Jumatano, 30 Aprili 2025, 23:59, New York (UTC-4).
> Kwa saa za Tanga: Alhamisi, 1 Mei 2025, 06:59 (UTC+3), saa moja kasoro dakika moja asubuhi.
> Ombi hili linatumwa: Jumanne, 29 Aprili 2025, 15:10, Tanga (UTC+3).
> Barua za wadhamini wangu wawili zitawafikia moja kwa moja kutoka kwao.

Mwezi nimeuandika kwa jina, kwa sababu wa Kanada aliwahi kusoma tarehe 4/5 yangu kama Aprili tano.

#30 Tobo_la_Sindano
Safi. Hapo hata mtu asiyejua Tanga iko wapi anaweza kuhesabu: 06:59 toa 3 ni 03:59, na 23:59 jumlisha 4 ni 03:59 ya kesho yake. Pande mbili zinakutana. Zisipokutana ujue umekosea kabla hujatuma.

#31 Mama_Wawili
Mistari ya saa iweke kwenye mwili wa barua pepe, si ndani ya barua yenyewe yenye sahihi. Barua yenye sahihi iseme unaweza kazi gani.

#32 Redio_ya_Meli
Mimi ningeiacha ndani ya barua. Barua pepe hupotea ikisambazwa, faili linabaki.

#33 Mama_Wawili
Mzee, jopo likifungua faili na kukutana na UTC mstari wa pili, watadhani ni rubani.

#34 Binti_Mwambao
Nitaweka kwenye barua pepe, na kwenye faili nabakiza mstari wa kwanza tu. Na wale wa Geneva nimewaandikia leo, nimewauliza swali moja: CET ya tangazo lenu ilikuwa UTC+1 au UTC+2? Sijalalamika.

#35 Kaptula_ya_Jinzi
Wakijibu UTC+1 uje useme hapa. Nilisema tangu #2.

#36 Mwana_wa_Goma
Na mimi nimewaandikia wa Kinshasa. Wamenijibu: "17h00, saa za kawaida." Sasa saa za kawaida ni za wapi?